Wageni Wakijaa Mfukoni, Mbona Bei ya Kipande Haipandi?

Mfanyabiashara wa samaki wa Deep Sea, Tanga, ameweka milioni tatu kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Wiki hiyohiyo anasikia kwamba walimu kadhaa wa Makorora na madereva wa Ngamiani nao wamejiunga, tena kwa pesa nzito. Anafungua simu kuangalia bei ya kipande, yaani fungu moja la umiliki wa mfuko, anakuta imesogea kwa senti mbili na ushei. Anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama pesa zimeingia nyingi kiasi hicho, mbona bei imekaa palepale?

Imekaa palepale kwa sababu kila shilingi iliyoingia ilikuja na kipande chake. Mali ya mfuko imeongezeka, na idadi ya vipande imeongezeka kwa uwiano uleule. Bei ingeruka siku hiyo kwa sababu ya kuingia kwa watu, hiyo ingekuwa dalili ya hesabu mbovu, na mtu fulani angekuwa anakula pesa ya mwenzake bila yeyote kati yao kujua. Hapa ndipo mfuko halali unapotengana na michezo ya aina ya DECI, iliyofungwa na serikali mwaka 2009 baada ya watu wengi kuambiwa "wapande mbegu" wakavune. Kule mavuno ya waliotangulia yalitoka kwa waliofuata. Kwenye mfuko wa vipande, anayeingia hatakiwi kumwongezea wala kumpunguzia aliyemo hata senti, na chombo kinacholinda sharti hilo ni hesabu ya thamani halisi ya kipande.

Kanuni yenyewe ni ya mstari mmoja:

```
Bei ya kipande = (Jumla ya mali - Jumla ya madeni) / Idadi ya vipande
```

Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Ugumu uko kwenye kuamua nini kihesabiwe kuwa mali leo, kwa bei ipi, nini ni deni hata kama ankara haijafika, na vipande vihesabiwe vya saa ngapi. Tuchukue mfuko mdogo wa mfano tuufuate mpaka mwisho. Namba zimechaguliwa zigawanyike vizuri, na kodi tumeiacha kando ili isitupoteze njia.

Upande wa mali

Ni Jumatatu jioni, soko limefungwa. Mfuko wetu una shilingi 18,000,000 kwenye akaunti ya benki. Hizo hazina mjadala.

Una pia amana ya muda maalumu ya 120,000,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Benki italipa riba amana itakapoiva, lakini mfuko hausubiri siku hiyo. Amana imekaa siku 73 tangu iwekwe, kwa hiyo riba iliyokwisha kuchumwa ni 120,000,000 mara 0.09 mara 73 kwa 365, yaani 2,160,000. Pesa hiyo haijaingia benki, lakini ni haki ya waliokuwa na vipande katika siku hizo 73, na ni lazima iingie kwenye mali leo.

Kisha kuna hatifungani ya serikali, yaani mkopo ambao mfuko umeipa serikali, yenye thamani ya uso ya 200,000,000, inayolipa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, nusu kila baada ya miezi sita. Sokoni leo hatifungani ya aina hii inauzwa 98.50 kwa kila 100, kwa hiyo thamani yake ni 197,000,000. Zimepita siku 146 tangu riba ya mwisho ilipolipwa, na riba iliyochumwa katika siku hizo ni 9,600,000. Hapa pana mtego ambao hata watu wa fani hunasa. Bei za hatifungani hutajwa kwa namna mbili: kuna bei isiyo na riba iliyochumwa ndani yake, na kuna bei inayoijumuisha. Ukipewa ya kwanza, unaongeza riba. Ukipewa ya pili ukaongeza tena, umeihesabu mara mbili, na mfuko wetu ungeonekana tajiri kwa milioni 9.6 zisizokuwepo. Katika mfano huu, 98.50 ni bei isiyo na riba, kwa hiyo tunaongeza.

Mwisho ni hisa 40,000 za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Bei ya kufungia leo ni 1,250, hivyo ni 50,000,000. Kampuni imetangaza gawio la shilingi 60 kwa hisa, na tarehe ya mwisho ya kustahili gawio hilo imeshapita. Anayenunua hisa leo halipati, kwa hiyo kwa kawaida bei ya hisa hushuka kulifuata gawio. Mfuko wetu unalidai gawio hilo, 2,400,000, na unaliandika kama mali ingawa litalipwa wiki zijazo. Ukisahau kuliandika, mfuko unaonekana umepata hasara kwa sababu ya bei ya hisa iliyoshuka, kumbe pesa iko njiani.

Jumlisha vyote: 399,160,000.

Upande wa madeni

Ada ya meneja ni kama asilimia 1.5 kwa mwaka. Hulipwa mwisho wa mwezi, lakini hukatwa kwenye hesabu kila siku. Kwa mfuko wa ukubwa huu ni kama 16,400 kwa siku, na katika siku 20 zilizopita zimefika 328,000. Anayependa mambo madogomadogo atauliza: ada inatokana na thamani halisi ya mfuko, na thamani halisi haijulikani mpaka ada itolewe, sasa tunaanzia wapi? Njia inayotumika sana ni kukokotoa ada ya leo kwa thamani ya jana. Tofauti yake ni ndogo mno, na hesabu haizunguki kwenye duara.

Mkaguzi wa mahesabu atalipwa 3,650,000 mwisho wa mwaka. Anayeiandika siku ankara inapofika anawatwisha mzigo wote wenye vipande wa siku hiyo, na aliyetoka wiki moja kabla anakwepa fungu lake. Kwa hiyo inakatwa 10,000 kila siku, na katika siku 120 za mwaka huu wa hesabu zimefika 1,200,000. Benki inayotunza mali za mfuko pamoja na gharama nyingine ndogo zinachukua 6,600 kwa siku, ambazo kwa siku 20 ni 132,000.

Deni kubwa zaidi ni 7,500,000. Ni pesa za watu waliouza vipande vyao Alhamisi iliyopita. Vipande vimeshafutwa kwenye daftari la wanachama, lakini malipo hayajawafikia. Pesa bado imo kwenye zile 18,000,000 za benki, ila siyo ya mfuko tena.

Madeni yote ni 9,160,000. Mali ukitoa madeni inabaki 390,000,000 kamili. Daftari linaonyesha vipande 2,600,000 mikononi mwa wanachama. Gawanya: bei ya kipande ni shilingi 150.0000. Desimali nne si mapambo. Kwa vipande milioni 2.6, kukadiria kwa desimali mbili kunaweza kuupotosha mfuko kwa hadi shilingi 13,000 kwa siku, na kwenye mfuko wenye mabilioni ya vipande kosa hilo linakua pamoja nao.

Wageni wanapofika

Sasa walimu wetu wa Makorora wanaleta 15,000,000. Wanauziwa kwa 150, wanapata vipande 100,000. Mali halisi inakuwa 405,000,000, vipande 2,700,000, na bei inabaki 150. Mfanyabiashara wa Deep Sea hakuongezewa kitu wala hakupunguziwa. Hilo ndilo jibu la swali lake, na tungeweza kuishia hapo kama kila siku hesabu ingekwenda hivyo.

Lakini pesa na vipande havisafiri kwa mwendo mmoja. Pesa inatumwa kwa simu kutoka Tanga na kuonekana benki muda huohuo. Vipande vinasubiri karani aoanishe malipo na fomu, jina, namba ya mwanachama. Tuseme 15,000,000 zimeingia benki Jumatatu mchana, vipande vitaandikwa Jumanne, na mwenye kukokotoa bei Jumatatu jioni amesoma tu salio la benki. Anapata 405,000,000 kugawanya kwa 2,600,000, ambayo ni 155.7692. Bei imeruka karibu asilimia 4 bila mali yoyote kuzaa chochote.

Anayeuza vipande 100,000 kwa bei hiyo anaondoka na 15,576,923 badala ya 15,000,000. Hizo 576,923 za ziada hazikushuka kutoka mbinguni, zimetoka kwa waliobaki. Kinyume chake pia hutokea: hundi imepokelewa, vipande vimeandikwa, kisha hundi ikarudi. Hapo 390,000,000 zinagawanywa kwa 2,700,000, bei inaporomoka hadi 144.4444, na wanaouza siku hiyo ndio wanaoumia.

Dawa yake ni ya kihasibu na ni rahisi. Pesa ya ombi ambalo halijapewa vipande huandikwa benki kama mali, na wakati huohuo huandikwa kama deni la kiasi kilekile kwa jina la "maombi yanayosubiri vipande". Vinafutana. Siku vipande vinapoandikwa, deni linafutwa. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba juu na chini ya mstari wa kugawanya visogee pamoja au visisogee kabisa. Ndiyo maana kila jioni, kabla bei haijatangazwa, salio la benki hulinganishwa na taarifa ya benki, na idadi ya vipande hulinganishwa na daftari la wanachama: vipande vya jana, ongeza vilivyouzwa, toa vilivyorudishwa, na jibu lilingane hadi desimali ya mwisho.

Riba iliyosahauliwa

Kosa la pili ni la kimya zaidi. Tuseme mwenye kukokotoa hakuiandika riba ya hatifungani, zile 9,600,000, akingoja zilipwe. Thamani halisi inaonekana 380,400,000 na bei 146.3077. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa bei haijaruka. Walimu wanaleta 15,000,000 zao na kwa bei hiyo ya chini wanapata vipande 102,523.66, badala ya 100,000.

Kosa likisahihishwa kesho yake, mali halisi ni 405,000,000, vipande ni 2,702,523.66, na bei ya kweli inakuwa 149.8599. Vipande vya walimu vina thamani ya kama 15,364,000. Wamepata takriban 364,000 kwa usiku mmoja, na kila mwenye kipande wa zamani amepoteza karibu senti 14. Kwa mwenye vipande 20,000 hiyo ni shilingi 2,800, ambazo huenda asizione kamwe. Wizi mkubwa ungeonekana. Upotevu wa senti 14 kwa kila kipande hauonekani, na ndiyo sababu ni hatari.

Kuna njia ya kuugundua ukiwa nje. Chukua bei za kila siku za miezi minane au tisa uzichore. Mfuko unaoandika riba kila siku huchora mstari unaopanda taratibu, na siku riba ya hatifungani inapolipwa hakuna kinachotokea, kwa sababu kiasi kinahama tu kutoka "riba tunayodai" kwenda "benki". Mfuko unaongoja pesa ifike huchora ngazi: tambarare kwa miezi, kisha mruko. Kwa mfuko wetu riba kamili ya nusu mwaka ni 12,000,000, na mruko ungekuwa kama shilingi 4.62 kwa kipande kwa siku moja. Mjanja anayeijua tarehe hiyo angenunua siku moja kabla na kuuza siku moja baadaye, akavuna jasho la miezi sita la wengine.

Kipimo kingine ni mwendo wa kila siku. Amana yetu inachuma 29,589 kwa siku na hatifungani 65,753. Toa gharama za siku, 33,000, inabaki 62,342. Gawanya kwa vipande 2,600,000: karibu senti 2.4. Hizo ndizo zile senti mbili na ushei alizoziona mtu wa Deep Sea, na sasa tunajua zilitoka kwenye riba, hazikutoka kwa waliojiunga. Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu bei inatakiwa kusogea siku tatu, kama senti 7.2, kwa kuwa riba haipumziki Jumamosi na Jumapili. Bei ikisogea senti 2.4 tu Jumatatu, kuna siku mbili zimerukwa, na zitaibuka mahali fulani baadaye kama mruko. Bila shaka bei ya hisa na ya hatifungani nazo hucheza, kwa hiyo kipimo hiki hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mifuko inayoshika amana na hatifungani kuliko ile iliyojaa hisa.

Bei ya leo au ya jana

Wengi hukasirika wakiambiwa kwamba ombi lililotumwa leo litapewa bei ambayo bado haijajulikana. Unanunua kitu bila kujua bei yake? Ndiyo, na ni kwa faida yako.

Fikiria mfuko unaouza kwa bei ya jana. Mchana wa leo hisa zake zimepanda kwa kishindo na kila mtu anaona. Anayenunua saa tisa kwa bei ya jana ananunua faida iliyokwisha kupatikana na wengine. Marekani iliweka kanuni ya kutumia bei inayofuata tangu 1968, na bado mwaka 2003 Eliot Spitzer, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, alifichua kwamba kuna mifuko iliyowaruhusu wateja wachache wakubwa kupitisha maombi baada ya saa ya mwisho kwa bei ya siku hiyo.

Kwa hiyo kila mfuko una saa ya kikomo. Ombi lililofika kabla ya hapo linapata bei itakayokokotolewa jioni, na lililofika baadaye linapata ya siku ya kazi inayofuata. Kwa mtu wa Tanga anayetuma pesa kwa simu, linalohesabika mara nyingi ni saa pesa ilipoonekana kwenye akaunti ya mfuko. Saa aliyobonyeza kitufe si lazima iwe ndiyo hiyo. Mtandao ukikwama Ijumaa jioni, bei yake ni ya Jumatatu. Ndiyo maana mume na mke waliotuma laki mbili kila mmoja, siku moja, wanaweza kukuta vipande vyao vinatofautiana kwa pointi chache. Hapo hakuna aliyeibiwa. Ajabu ingekuwa kama waliopishana kikomo wangepata idadi moja.

Hatifungani isiyouzwa

Tulisema hatifungani yetu inauzwa 98.50 sokoni kana kwamba kuna bei hiyo kila siku. Ukweli ni kwamba hatifungani nyingi haziuzwi kila siku kwenye soko letu, na toleo moja linaweza kukaa muda bila mtu kuligusa. Mfuko hauwezi kuacha kutangaza bei kwa sababu hiyo, kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukadiria bei kwa kuangalia riba inayotakiwa leo kwenye minada ya Benki Kuu kwa hatifungani za muda unaokaribiana. Ya pili ni kubaki na gharama ya ununuzi, ikirekebishwa kidogokidogo kila siku hadi ifike 100 siku ya kuiva.

Njia ya pili inapendwa kwa sababu bei ya kipande inakuwa tulivu na wateja hawasumbui. Utulivu huo una gharama yake. Tuseme hatifungani yetu ilinunuliwa kwa 105 riba zilipokuwa chini, na kwa marekebisho leo imeandikwa 104. Kwenye vitabu ina thamani ya 208,000,000, sokoni ni 197,000,000. Tofauti ni milioni 11. Bei ya kitabuni ya kipande inakuwa 154.2308, wakati ya kweli ni 150.

Kama hakuna anayeingia wala anayetoka, hakuna aliyeumia, kwa sababu hatifungani itaiva na serikali italipa 100. Lakini wenye vipande 600,000 wakitoka pamoja, labda chama kimoja kikubwa kilichoamua kujenga, wataondoka na 92,538,462 badala ya 90,000,000. Waliobaki na vipande 2,000,000 sasa wana kipande ambacho kwa bei ya soko ni 148.7308, ingawa kitabu bado kinasema 154.2308. Na kuna la zaidi: benki kulikuwa na 18,000,000 tu, kati yake 7,500,000 za watu wengine. Ili kulipa milioni 92, meneja atavunja amana au atauza hatifungani, na akiiuza kwa 98.50 hasara iliyokuwa imejificha inatokea siku hiyo kwa waliobaki peke yao.

Kwa maoni yetu njia ya gharama inafaa kwa amana na dhamana za muda mfupi, ambako tofauti na soko ni ndogo. Kwa hatifungani za miaka 15, 20 au 25 inampa bei nzuri anayewahi mlangoni. Mwenye kutaka kujua mfuko wake unatumia njia ipi asitazame tangazo. Afungue taarifa ya fedha iliyokaguliwa, sehemu ya sera za kihasibu, aone hatifungani zimeandikwa kwa thamani ya soko au kwa gharama iliyorekebishwa. Mara nyingi maelezo yaliyo nyuma ya taarifa hiyo hutaja thamani zote mbili. Gawanya tofauti yake kwa idadi ya vipande, na utajua shilingi ngapi za bei yako ni za makaratasi.

Kusoma jedwali la bei

Majedwali ya bei kwa kawaida huwa na thamani halisi ya mfuko, idadi ya vipande, thamani ya kipande, bei ya kuuzia na bei ya kununulia tena. Majina ya hizo mbili za mwisho yanatoka upande wa mfuko: wewe unaponunua, mfuko unauza. Kama kuna ada ya kutoka ya asilimia 1, kipande cha 150 unarudishiwa 148.50. Aliyeingia na kutoka ndani ya wiki anaona hasara, kumbe bei haijashuka.

Anza kwa kugawanya safu ya kwanza kwa ya pili. Jibu lisipolingana na ya tatu, sababu mara nyingi ni idadi ya vipande ya tarehe nyingine. Kisha usishindanishe mifuko kwa ukubwa wa bei ya kipande. Kipande cha 150 si rahisi kuliko cha 1,100, kwani kila mmoja ulianza kwa bei yake na umri wake. Linganisha mwendo wa asilimia kwa kipindi kilekile.

Na kwenye mifuko inayogawa gawio, kama Jikimu wa UTT AMIS, ongeza gawio kabla ya kulinganisha. Mfuko wetu ukigawa shilingi 6 kwa kipande, milioni 15.6 zinatoka na bei inashuka kutoka 150 hadi 144 siku hiyohiyo. Anayenunua siku moja kabla ili "awahi gawio" anarudishiwa pesa yake mwenyewe mkono wa pili.

Bei ikishakosewa

Makosa hutokea hata kwenye mifuko mizuri, na kinachopima mfuko ni jinsi unavyoyasahihisha. Bei hukokotolewa upya kwa kila siku iliyoathirika, kisha kila muamala wa siku hizo hulinganishwa na bei sahihi. Hong Kong, kwa mfano, kosa la asilimia 0.5 ya thamani halisi au zaidi humlazimu meneja kutoa taarifa na kulipa fidia. Lile kosa la riba iliyosahauliwa, 146.3077 badala ya 150, ni karibu asilimia 2.5, mara tano ya kiwango hicho.

Aliyeuza kwa bei ya chini mno hulipwa tofauti. Aliyenunua kwa bei ya juu mno huongezewa vipande. Wagumu ni wale waliofaidika: aliyeondoka na 576,923 za ziada hawezi kukimbizwa kwa urahisi, na pengine hajui kwamba alizidishiwa. Mtu anayetaka kujua nani ameziba pengo hilo aulize fidia imetoka kwenye akaunti ya meneja au kwenye akaunti ya mfuko. Ikitoka ya pili, wenye vipande waliobaki, pamoja na mtu wetu wa Deep Sea, wamelipia kosa lilelile mara mbili.